Pikipiki inazimika ikipata moto, ikipoa inawaka: jinsi ya kujua kama ni koili au ni mafuta

Pikipiki inakwenda vizuri nusu saa, halafu inazimika. Unapiga kiki mpaka mguu unauma, haiwaki. Unakaa kivulini robo saa, unapiga kiki mara moja, inawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Unaipeleka kwa fundi ikiwa imeshapoa, anaiwasha papo hapo, anakuna kichwa, anasema koili. Unanunua koili. Siku mbili baadaye umesimama tena barabarani na abiria anatafuta pikipiki nyingine.

Nimewaona watu wakibadilisha koili mbili, CDI, plagi na hata kabureta nzima kwa tatizo hili, na pikipiki ikaendelea kuzimika. Kosa lao ni moja. Wanatafuta ubovu pikipiki ikiwa imepoa, na ikishapoa ubovu haupo. Ushahidi wote unapatikana ndani ya dakika tano za kwanza tangu izimike, pale pale ilipozimikia, na ukianza na jambo lisilo lake unaufuta kwa mkono wako mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa pikipiki za cc 100 hadi 150 zenye kabureta, zinazoshusha petroli kutoka kwenye tangi kwa uzito wake tu, na zinazotumia CDI. Hizo ndizo bodaboda nyingi. Kama yako ina pampu ya mafuta na injekta, hatua za mafuta hapa hazitakufaa.

## Andaa vitu hivi kabla hujatoka

- Plagi kuukuu ya kupimia. Ukunje ule ulimi wa nje mpaka nafasi kati yake na ncha ya katikati iwe milimita 5 hadi 6.
- Waya wa sentimita 40 hivi wenye klipu pande zote mbili.
- Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, na chupa safi ya nusu lita yenye mdomo mpana.
- Bisibisi inayoingia kwenye skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta.
- Spana ya plagi, na plagi mpya ya aina ile ile iliyofungwa.
- Kitambaa cha pamba na chupa ya maji ya baridi.
- Mita ya umeme ya bei ndogo inayopima omu.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, kalamu na karatasi.

Kwa nini plagi ya kupimia iachwe wazi hivyo? Plagi ya kawaida ina nafasi ya milimita 0.6 au 0.7. Ukiitoa nje ya injini, cheche inaruka hapo hata kama koili imechoka, kwa sababu nje hakuna mgandamizo. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na cheche hiyo hiyo inashindwa. Ndiyo maana fundi anakuonyesha cheche, anasema umeme upo, na pikipiki haiwaki. Nafasi ya milimita 5 inailazimisha koili ionyeshe nguvu yake halisi.

## Hatua ya 1: Pima nyumbani pikipiki ikiwa baridi

Hatua hii watu wanairuka, na bila hiyo vipimo vya barabarani havina cha kulinganishwa nacho.

Simamisha pikipiki wima mahali pa wazi, mbali na jiko na sigara. Washa kwa dakika moja ili bakuli lijae, kisha zima. Funga koki ya mafuta. Weka chupa chini ya kabureta, legeza skrubu ya kumwagia, acha petroli ishuke mpaka iishe. Ivute kwa bomba la sindano, uhesabu mililita ngapi. Andika. Kabureta hazifanani, na kiasi hicho kina petroli ya bakuli pamoja na iliyobaki kwenye mpira wa mafuta. Unachohitaji ni namba ya pikipiki yako.

Sasa, skrubu ikiwa bado wazi na mfuniko wa tangi ukiwa umefungwa kama unavyokuwa safarini, fungua koki kwa dakika moja kamili. Pima kilichoshuka.

Kiasi gani kinatosha? Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita moja, ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, inakula lita moja na nusu kwa saa. Hiyo ni mililita 25 kwa dakika. Ikipanda mlima na mzigo inaweza kula maradufu. Kwa hiyo mimi nataka nione angalau mililita 100 kwa dakika. Ikishuka 40 tu, pikipiki itakwenda vizuri mjini na kukuangusha kwenye safari ndefu, na umeshapata mtuhumiwa kabla hujatoka nyumbani.

Rudisha petroli kwenye tangi, kaza skrubu, futa palipolowa. Halafu chukua mita upime koili mara mbili. Kwanza kati ya kituo cha waya mdogo na chuma cha koili: inapaswa kuwa chini kabisa, mara nyingi haifiki omu moja. Pili kati ya waya mnene wa plagi, ukiwa umeivua kofia yake, na chuma cha koili: hapo utapata omu elfu kadhaa. Kofia ya plagi ipime peke yake, nyingi zina omu 5,000 hivi. Mwisho chomoa soketi ya waya zinazotoka kwenye magneti, pima palsa, yaani ile koili ndogo inayoiambia CDI muda wa kuchoma. Andika zote na neno "baridi" mbele yake.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye namba sita: bakuli, mtiririko wa dakika moja, koili mara mbili, kofia, palsa.

## Hatua ya 2: Iendeshe mpaka izimike, na sikiliza namna inavyozimika

Usijaribu kuifanya izimike kwa kuinguruma imesimama. Silinda inayopozwa na upepo, ikikaa bila mwendo, inapata joto ambalo safarini halipati, na unaweza kuzalisha ugonjwa mwingine kabisa. Ipeleke njia ile ile na mzigo ule ule unaoiangusha.

Ikianza kufa, makini na sekunde kumi za mwisho. Ikikatika ghafla kama mtu aliyezima swichi, au ikakatika na kurudi kwa mshtuko, huenda ikipiga na mlipuko kwenye ekzosi, huo ni mwenendo wa umeme. Ikianza kupoteza nguvu, ukivuta mafuta inazidi kulegea, ukipunguza inajikaza kidogo, inakohoa mara kadhaa ndipo izime, huo ni mwenendo wa mafuta. Ukivuta choki wakati inakohoa na ikapata uhai kwa sekunde chache, hiyo ni dalili nyingine ya mafuta kupungua.

Hizi ni dalili tu, usihukumu kwazo. Nimeshaona koili inayokufa taratibu kwa dakika nzima, ikimisi moja, ikimisi mbili, mwendeshaji akaapa kuwa ni uchafu kwenye kabureta.

## Hatua ya 3: Ikizimika, funga koki na usiguse mfuniko wa tangi

Ondoka barabarani, zima swichi, funga koki papo hapo. Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote.

Tuseme mafuta hayashuki vizuri. Pikipiki imekufa kwa sababu bakuli limekauka. Ukiacha koki wazi, petroli inaendelea kuchuruzika polepole wakati wewe unavua helmeti na kufuta jasho. Dakika tano baadaye bakuli limejaa, pikipiki inawaka, na wewe unasema "imepoa". Haikupoa, imejaza bakuli. Ukifunga koki, bakuli linabaki kama lilivyokuwa lilipozimika.

Mfuniko wa tangi nao ni hivyo hivyo. Ukiufungua kuchungulia kama petroli ipo, umeingiza hewa, na kama tundu la hewa liliziba, ushahidi umekwisha. Tikisa pikipiki usikilize petroli ikicheza ndani. Inatosha.

Usipige kiki ovyo. Usimwage maji kwenye injini.

## Hatua ya 4: Kagua cheche kwanza

Tunaanza na umeme kwa sababu mbili. Koili inapoa dakika kwa dakika, ilhali bakuli umeshalifunga na litakusubiri. Tena ni hatari kupima cheche baada ya kumwaga petroli, kwa hiyo cheche hutangulia siku zote.

Vuta kofia ya plagi, lakini plagi ya injini iache mahali pake. Tundu la plagi likiwa wazi, kila kiki inatoa mvuke wa petroli unaoweza kushika moto kwa cheche yako. Chomeka plagi ya kupimia kwenye kofia. Klipu moja ya waya ibane kwenye nyuzi za plagi hiyo, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala kutu. Hakikisha zimeshika: kupiga kiki bila plagi kuwa na ethi kunaweza kuua CDI nzima. Iweke plagi mbali na kabureta, usiishike kwa mkono.

Washa swichi, hakikisha kitufe cha kuzimia kiko sawa, piga kiki tatu au nne zenye nguvu. Juani cheche haionekani vizuri, kwa hiyo weka kivuli kwa kitambaa na tega sikio. Cheche nzima ni ya buluu au nyeupe na inalia: ta, ta, ta. Cheche ya machungwa, nyembamba, inayoruka kiki moja na kuacha mbili, ni mbovu. Kama hakuna kabisa, vua kofia ya plagi, ishikilie kwa koleo lenye mpira ncha ya waya mnene milimita 5 kutoka kwenye chuma cha injini, na mtu mwingine apige kiki. Cheche ikija hapo, kofia ndiyo iliyokufa, na hicho ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika ukoo huu.

Andika: cheche nzuri, dhaifu, au hakuna. Zima swichi. Hata kama hakuna cheche, endelea na hatua inayofuata, haichukui dakika mbili.

## Hatua ya 5: Pima bakuli, kisha mtiririko, kisha mfuniko

Mpangilio huu usiupindue.

Koki ikiwa bado imefungwa, weka chupa, legeza skrubu ya bakuli. Angalia ekzosi haiko chini ya mkono wako. Kilichoshuka kivute kwa bomba la sindano na ukilinganishe na namba ya nyumbani. Kikikaribia kile cha nyumbani, mafuta hayana kesi: injini imezimika huku chakula kikiwa mezani. Kikiwa robo yake au chini, injini ilikufa njaa.

Skrubu ikiwa wazi, mfuniko umefungwa, sasa fungua koki dakika moja. Kikishuka vizuri kama nyumbani, lakini bakuli lilikuwa kavu, shuku mpira wa mafuta unaogusa silinda, au sindano ya boya inayonata. Kikidondoka tone tone, acha idondoke, na bila kufunga chochote zungusha mfuniko wa tangi. Ukisikia mfyonzo wa hewa, "fyuu", na mtiririko ukaamka mbele ya macho yako, kesi imekwisha: tundu la hewa limeziba. Usiposikia kitu na mtiririko ukabaki vile vile, kuna uchafu kwenye koki, kwenye kichujio, au mpira umejikunja.

Utajua umefaulu ukiweza kusema sentensi moja isiyo na "labda": ilizimika ikiwa na cheche na bila mafuta, au ilizimika ikiwa na mafuta na bila cheche.

## Kama cheche haikuwepo na bakuli limejaa

Bado hujapata ruhusa ya kununua koili. Kabla ya kupima cheche tena, funga koki, kaza skrubu, rudisha petroli kwenye tangi, futa palipolowa. Kuna vitu vitano vinavyoweza kukata cheche kwa joto: plagi, waya wa kuzimia, koili, palsa na CDI. Vipime kwa mfuatano huo, maana vinapanda ugumu na gharama. Plagi ya injini umeshaiondoa kwenye lawama, kwa sababu ulipima na plagi nyingine.

Waya wa kuzimia. Kwenye injini nyingi za mtindo wa Honda CG, waya mweusi wenye mstari mweupe unatoka CDI kwenda kwenye swichi, na ukigusa chuma injini inazima. Waya huo ukichubuka chini ya tangi, joto na mtikisiko vinaugusisha. Uchomoe, urudie kupima cheche. Ikirudi, koili haina kosa. Jua tu kwamba waya huo ukiwa nje, swichi haitazima injini; utaizima kwa kufunga koki au kuvuta choki.

Koili. Chukua kitambaa, kilowanishe kwa maji ya baridi, kikamue kisidondoshe, kizungushie koili peke yake. Kwa kawaida iko chini ya tangi, juu ya kichwa cha injini, pale joto linapopanda. Maji yasifike kwenye kofia ya plagi wala kwenye silinda. Subiri dakika mbili, geuza kitambaa, dakika mbili nyingine. Piga kiki. Cheche ikirudi wakati injini yenyewe bado inachoma mkono, koili umeikamata mkononi.

Ndani ya koili kuna waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara maelfu. Ukipata ufa, joto linautanua ufa unaachana. Ukipoa unagusana tena. Au gamba la waya limechoka, na likipata moto umeme unavuja kati ya mzunguko na mzunguko badala ya kufika kwenye plagi.

Hapa mita inadanganya watu wengi. Waya wa shaba ukipata joto, omu zinapanda kwa kawaida, karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Koili iliyokuwa na omu 4,000 kwenye nyuzi 25, ikifika nyuzi 85 itaonyesha karibu 4,900 na ni nzima kabisa. Usiihukumu kwa hilo. Ihukumu mita ikisoma kwamba njia imekatika, au namba ikirukaruka ukiugusa waya. Kwa upande mwingine, koili inayovuja kwenye gamba inaweza kutoa namba nzuri kabisa, kwa sababu mita inapima kwa volti chache na koili inafanya kazi kwa maelfu. Mita inaweza kuitia hatiani koili. Kuisafisha jina haiwezi.

Kabla ya kutoa pesa, azima koili ya pikipiki inayofanya kazi, ifunge kwa nje, rudia safari. Kumbuka koili nyingi za waya mmoja zinapata ethi kupitia boliti inayozishika kwenye fremu. Ukiifunga kwa kamba bila kuunganisha chuma chake na fremu, haitachoma na utaidhania mbovu. Na ile boliti ya zamani ikwangue kutu: nimeshakuta ethi mbovu ikijifanya koili mbovu.

Palsa. Imekaa ndani ya kifuniko cha magneti, inakaangwa na joto la injini, na inapoa polepole. Kitambaa kwenye koili kisiposaidia, chomoa soketi upime palsa ikiwa moto. Kupanda kwa moja ya tano ni kawaida. Njia ikikatika, au namba ikiruka mbali, ndiyo yenyewe.

CDI inabaki mwisho, kwa kuwa haipimiki kwa mita. Inapimika kwa kuazima nyingine tu.

## Kama cheche ilikuwepo na bakuli ni kavu

Anza na mfuniko. Petroli inashuka kwa uzito wake tu, kutoka tangini hadi kabureta, kimo cha sentimita ishirini au thelathini. Nguvu hiyo ni ndogo sana. Kila tone linaloshuka linahitaji hewa iingie kuchukua nafasi yake, na hewa hiyo inapita kwenye kitundu kidogo cha mfuniko. Kikiziba kwa vumbi, matope ya kuoshea au kutu, tangi linaanza kuyavuta mafuta kurudi juu, na mvuto mdogo tu unatosha kuyasimamisha.

Kuna dalili moja inayomtaja mtuhumiwa huyu waziwazi. Tatizo linakuja haraka zaidi ukitoka kujaza tangi, na linachelewa tangi likiwa nusu. Tangi likijaa, hewa juu ya petroli ni kidogo, kwa hiyo mvuto unakuja upesi. Watu wanasema inazimika ikipata moto, kumbe inazimika ikipata muda. Joto lilikuwa shahidi aliyesimama karibu.

Vua mfuniko, puliza kwenye tundu lake kwa mdomo, pande zote mbili. Pumzi isipopita, osha kwa petroli na pitisha uzi mwembamba wa waya. Ukiwa na kava la ngozi bandia juu ya tangi, angalia kama limefunika mfuniko. Nailoni iliyowekwa chini ya mfuniko kuzuia mvua inafanya ubaya ule ule.

Mfuniko ukiwa safi, mwaga tangi, toa koki, angalia wavu wake. Vumbi la kutu linaelea mafuta yakitikisika na kujikusanya kwenye wavu. Ukisimama dakika kumi linadondoka, petroli inapita, nawe unasema imepoa. Kichujio cha njiani badilisha, usikipulize.

Mwisho fuata mpira wa mafuta kwa kidole. Mpira huo usiguse silinda wala usipande juu kisha kushuka tena, maana sehemu nyepesi za petroli zinaanza kuchemka hata kabla ya nyuzi 50, na pale mpira unapopinda juu mvuke unajikusanya na kuziba njia. Mpira mrefu kuliko haja ukipata joto unalainika na kujikunja. Ukate.

## Kama vyote viwili vilikuwepo

Inatokea. Cheche inalia, bakuli limejaa, injini haiwaki. Fungua plagi ya injini. Ikiwa imelowa chapachapa, imezidiwa mafuta: boya au sindano yake haifungi. Ikiwa kavu, na kiki inashuka laini kuliko asubuhi, shuku valvu zilizobana. Injini ikipata moto chuma kinatanuka, nafasi ya valvu inakwisha, valvu haifungi, mgandamizo unapotea. Ikipoa nafasi inarudi. Acha injini ilale usiku mzima, kisha pima nafasi asubuhi: kwa CG 125 ni milimita 0.08. Hakuna koili itakayotibu hilo.

## Mfano: pikipiki ya Soni

Kijana mmoja anayebeba mizigo kati ya Mombo na Lushoto alikuja na pikipiki ya cc 150 iliyokuwa ikimfia akipanda, karibu na Soni. Ikishuka haizimiki. Alikuwa ameshanunua koili mbili na CDI moja. Fundi aliyemtangulia alimwambia mlima unaipa injini joto, joto linaua koili. Maneno yale yana mantiki, ndiyo maana aliyaamini.

Nyumbani bakuli lilitoa mililita 42. Mtiririko wa dakika moja ulikuwa mililita 130. Hapo nami nikaanza kuishuku koili.

Tukajaza tangi, tukafunga gunia la viazi nyuma, tukapanda. Iliishiwa nguvu kwenye kona za chini ya Soni, ikakohoa, ikazima. Tukafunga koki. Plagi ya kupimia ikalia ta, ta, ta, buluu tupu. Bakuli lilitoa mililita 7. Tukafungua koki: matone, moja moja, kama bomba la mtaani siku ya mgawo. Nikamwambia azungushe mfuniko. Tangi likavuta pumzi ndefu, na petroli ikashuka kwenye chupa kwa mstari mmoja mnene. Yule kijana alinyamaza, akaangalia koili yake mpya.

Kava la tangi lilikuwa limefunika mfuniko, na chini yake matope makavu yamejaa kwenye kitundu. Nyumbani mtiririko ulikuwa mzuri kwa sababu tulipima dakika moja tu, tena tangi likiwa nusu, hewa ya kutosha juu. Kwenye mteremko hakuwa anavuta mafuta, injini ilikula kidogo, na kile kilichopenya kilitosha. Tangu siku hiyo, pikipiki ya namna hii huwa napima mtiririko nyumbani kwa dakika tano, tangi likiwa limejaa, sio dakika moja. Nawe fanya hivyo, ukiwa na chombo cha lita moja.

## Hatua ya mwisho: Rudia safari ile ile

Ukisharekebisha, usihesabu kuwaka kwake karakana kama uponyaji. Ilikuwa inawaka karakana hata ilipokuwa mgonjwa. Rudia njia ile ile, mzigo ule ule, saa ile ile ya jua, tangi limejaa, mara mbili kwa siku mbili tofauti. Badilisha kitu kimoja tu kati ya safari na safari. Ukisafisha mfuniko na kufunga koili mpya siku moja, pikipiki itapona na hutajua kilichoiponya, na koili ya zamani iliyo nzima itaishia kwenye debe la vyuma chakavu.

Ukifika juu bila kuzimika, simama, funga koki, mwaga bakuli upime. Likitoa mililita zile zile za nyumbani baada ya mlima wote ule, unaweza kupakia abiria.